Alama 1.90: jinsi mauzo yalivyoficha kuanguka kwa kiwanda

Kiwanda ninachokieleza kilikuwa kinatengeneza vifungashio vya plastiki. Hisa zake hazikuuzwa sokoni. Kilimilikiwa na watu wachache waliokianzisha kwa mtaji wa milioni 200. Mimi sikuhusika kukikopesha. Faili lake nililetewa baada ya maji kumwagika, nikaombwa nieleze ni wapi dalili zilionekana na kwa nini hakuna aliyezichukulia hatua. Jina silitaji, na tarakimu nimezikunja ili msomaji azifuate bila taabu. Zote ni milioni za fedha.

Kwenye faili kulikuwa na ukurasa mmoja ambao bado ninaukumbuka. Ulikuwa muhtasari wa afisa mikopo kuhusu hesabu za mwaka wa tatu: alama ya tahadhari 1.90, eneo la mashaka, hatari ya wastani, ukomo wa mkopo uendelee. Miezi sita baada ya kufungwa kwa hesabu hizo, muuzaji mkubwa wa malighafi alikataa kutoa mzigo bila kulipwa kwanza, mashine zikasimama, na wadai wakaenda mahakamani.

Afisa yule hakukosea hesabu. Nimeirudia mara tatu na jibu ni lilelile, 1.90. Tatizo ni kwamba aliisoma kama mtu anavyosoma kipimajoto, akatazama tu namba ya mwisho. Alama hii ni jumla ya vipande vitano, na katika kiwanda hiki kipande kimoja kilikuwa kinapanda huku vinne vikiporomoka.

Alama yenyewe inapimaje

Mwaka 1968 mtafiti wa masuala ya fedha, Edward Altman, alichukua viwanda 66 vya Marekani, 33 vilivyofilisika na 33 vilivyokuwa bado hai, akatafuta mchanganyiko wa uwiano utakaoyatenganisha makundi hayo mawili vizuri kuliko uwiano mmoja mmoja. Alibaki na vipande vitano. Fomula yake ya kwanza ilihitaji thamani ya hisa sokoni, jambo lisilowezekana kwa kampuni ambayo hisa zake haziuzwi. Baadaye, mwaka 1983, akatoa toleo la kampuni binafsi, linalotumia mtaji wa wamiliki kama ulivyo kwenye vitabu. Hilo ndilo lililotumika kwenye faili hili:

```
Z' = 0.717*X1 + 0.847*X2 + 3.107*X3 + 0.420*X4 + 0.998*X5
```

X1 ni mtaji wa uendeshaji, yaani mali za muda mfupi ukitoa madeni ya muda mfupi, kugawanywa kwa jumla ya mali. Hiki ni kipande cha ukwasi, yaani uwezo wa kulipa madeni yanayokaribia. X2 ni faida iliyolimbikizwa kwa jumla ya mali. Kinaonyesha kampuni imejijenga kiasi gani kwa jasho lake yenyewe tangu ianze. X3 ni faida kabla ya riba na kodi kwa jumla ya mali, yaani uwezo wa mali kuzalisha. X4 ni mtaji wa wamiliki kwa jumla ya madeni, na hapo ndipo mzigo wa madeni unapopimwa. X5 ni mauzo kwa jumla ya mali.

Alama ikizidi 2.90, kampuni inahesabiwa salama. Ikiwa chini ya 1.23, iko kwenye hatari ya kufilisika. Katikati ni eneo la mashaka, na hapo ndipo kiwanda chetu kilikaa miaka yote mitatu.

Hesabu za miaka mitatu

| | Mwaka 1 | Mwaka 2 | Mwaka 3 |
|---|---|---|---|
| Jumla ya mali | 1,000 | 1,200 | 1,400 |
| Mali za muda mfupi | 480 | 590 | 690 |
| Madeni ya muda mfupi | 300 | 450 | 704 |
| Jumla ya madeni | 580 | 760 | 976 |
| Faida iliyolimbikizwa | 220 | 240 | 224 |
| Mtaji wa wamiliki | 420 | 440 | 424 |
| Faida kabla ya riba na kodi | 110 | 96 | 42 |
| Mauzo | 1,400 | 1,740 | 2,100 |
| Alama Z' | 2.36 | 2.19 | 1.90 |

Ukiangalia mstari wa mwisho peke yake, unaona mteremko wa taratibu. Kutoka 2.36 hadi 1.90 ni kushuka kwa takribani sehemu moja ya tano ndani ya miaka miwili, na bado umbali hadi 1.23 ni mkubwa. Afisa aliandika kwamba kampuni "inapita kipindi cha upanuzi". Sikushangaa alivyoandika hivyo. Mauzo yalikuwa yamepanda kwa asilimia 50 katika miaka miwili, na anayeona mauzo yakipanda hivyo hafikirii mazishi.

Sasa ivunje alama. Mwaka wa kwanza, kipande cha mauzo peke yake kilichangia 1.40 kati ya 2.36. Vipande vinne vilivyobaki, yaani ukwasi, faida iliyolimbikizwa, faida ya mwaka na mtaji dhidi ya madeni, vilichangia 0.96 kwa pamoja. Mwaka wa tatu, mauzo yalichangia 1.50, na vile vinne vilikuwa vimebaki na 0.40 tu.

Hapo ndipo kiini cha kisa hiki kilipo. Vipande vinavyosema kama kampuni ina fedha ya kulipa, kama inatengeneza faida na kama inabeba deni linalobebeka vilikuwa vimepoteza zaidi ya nusu ya uzito wao. Mauzo yakaongeza 0.10, yakaziba sehemu ya shimo, na jumla ikaonekana kama imeteleza kidogo. Kufikia mwaka wa tatu, karibu asilimia 79 ya alama ilitokana na mauzo.

Kwa nini mauzo yana uzito huo

Mtu anaweza kuuliza kwa nini Altman aliweka kipande hicho ikiwa kinaweza kupotosha hivi. Jibu linavutia. Katika utafiti wake wa 1968, uwiano wa mauzo kwa mali ukipimwa peke yake haukutofautisha waliofilisika na waliosalimika kwa kiwango cha kuaminika. Kwa kipimo hicho ungetupwa nje. Ulipowekwa pamoja na vingine vinne, ukawa wa pili kwa kuchangia utenganishaji, nyuma ya faida kabla ya riba na kodi. Nguvu yake inatokana na jinsi unavyohusiana na wenzake ndani ya fomula.

Kwa hiyo kipande hiki kinafanya kazi vizuri pale ambapo mauzo yanakwenda sambamba na faida, kama ilivyo kwenye viwanda vingi. Kinaharibika pale mauzo yanaponunuliwa. Kiwanda chetu kiliyanunua mauzo yake kwa njia mbili: kilishusha bei, na kiliwaongezea wateja muda wa kulipa.

Kushuka kwa bei kunaonekana kwenye faida. Mwaka wa kwanza, kila 100 ya mauzo iliacha karibu 7.9 ya faida kabla ya riba na kodi. Mwaka wa pili ikaacha 5.5. Mwaka wa tatu ikaacha 2.0. Muda wa kulipa unaonekana kwenye wadaiwa: fedha zilizokuwa kwa wateja zilikuwa 230 mwaka wa kwanza, 335 mwaka wa pili na 470 mwaka wa tatu. Ukizigawa kwa mauzo ya siku moja, wateja walikuwa wanachukua siku 60 kulipa, kisha 70, kisha karibu 82. Bidhaa zilitoka ghalani haraka, lakini fedha ilizidi kuchelewa kurudi.

Fomula haina jicho la kuona hayo. Mauzo ya mkopo wa siku 82 yenye faida ya 2 kwa 100 yanapewa alama sawasawa na mauzo ya fedha taslimu yenye faida ya 12, hadi pale upungufu wa faida unapoingia kwenye X3. Upungufu huo uliingia, ila ulifunikwa.

Fomula ya pili isiyo na mauzo

Altman ana toleo jingine, lililotolewa kwa ajili ya kampuni zisizo za viwanda, na ambalo limeondoa kabisa X5 kwa sababu uwiano wa mauzo kwa mali hutofautiana mno kati ya biashara na biashara. Muuzaji wa jumla na mwenye hoteli hawawezi kupimwa kwa kigezo hicho kimoja. Vizingiti vyake ni 2.60 kwa usalama na 1.10 kwa hatari:

```
Z'' = 6.56*X1 + 3.26*X2 + 6.72*X3 + 1.05*X4
```

Kwa kiwanda cha kutengeneza bidhaa, hili si toleo la kwanza kuchukua. Lakini mtu akiona kwamba mauzo ndiyo yanayoibeba alama, ni busara kulipiga toleo hili pembeni na kulinganisha. Nilipolipiga, miaka mitatu ilitoa 3.40, kisha 2.56, kisha 1.11.

Soma tena namba hizo tatu kwa utaratibu. Mwaka wa kwanza kampuni iko salama bila ubishi. Mwaka wa pili imeshavuka mstari wa 2.60 kwenda chini. Mwaka wa tatu imebakiza nywele moja kuingia kwenye hatari. Mizania, yaani hesabu ya mali na madeni, ni ileile na mwaka ni uleule. Kwa fomula moja kampuni imeshuka kwa sehemu moja ya tano, kwa nyingine imeshuka kwa theluthi mbili.

Nikatafuta ni kipande gani kilichoshusha Z'' zaidi. Kati ya pointi 2.28 zilizopotea, ukwasi ulipoteza 1.25, zaidi ya nusu. Faida ya mwaka ilipoteza 0.54, mtaji dhidi ya madeni 0.30, na faida iliyolimbikizwa 0.20. Kumbe kidonda kikubwa kilikuwa kwenye madeni ya muda mfupi, yaliyopanda kutoka 300 hadi 704 wakati mali za muda mfupi zikipanda kutoka 480 hadi 690 tu. Kiwanda kilikuwa kinanunua mashine za kudumu miaka kumi kwa mikopo ya kulipwa ndani ya mwaka. Kosa hilo linaua kampuni hata zenye faida, na hii faida yake ilikuwa inayeyuka.

Hesabu zikasafishwa

Mpaka hapa nimetumia hesabu kama zilivyowasilishwa. Mtu anayefanya kazi hii muda mrefu hujifunza kutoamini mistari mitatu hadi aiguse kwa mkono: mikopo ya muda mrefu, wadaiwa, na gharama zilizogeuzwa kuwa mali. Kwenye faili hili ya tatu ilikuwa safi. Mbili za kwanza hazikuwa.

Mkopo mmoja wa 90 uliandikwa kama deni la muda mrefu. Mkataba wake ulikuwa na sharti kwamba faida kabla ya riba na kodi isipungue mara moja na nusu ya riba ya mwaka. Mwaka wa pili sharti hilo lilitimia kwa nafasi, kwa kuwa faida ilikuwa 96 na riba 44, yaani mara 2.2. Mwaka wa tatu faida ilikuwa 42 na riba 58, yaani mara 0.7. Sharti lilikuwa limevunjwa, na mkopeshaji alikuwa na haki ya kudai fedha yote papo hapo. Alikubali kusamehe, lakini barua yake iliandikwa miezi miwili baada ya mwaka wa hesabu kufungwa. Kiwango cha kimataifa cha hesabu, IAS 1, kiko wazi kuhusu hili: ikiwa kufikia siku ya kufunga hesabu mkopo umeshakuwa wa kudaiwa wakati wowote kwa sababu ya kuvunjwa kwa sharti, unahesabiwa wa muda mfupi, hata kama msamaha umepatikana baadaye kabla hesabu hazijaidhinishwa. Kwa hiyo ile 90 ilipaswa kuwa juu, pamoja na madeni ya mwaka huu.

La pili ni wadaiwa. Katika ile 470 kulikuwa na 40 ya wateja waliokuwa hawajalipa chochote kwa zaidi ya mwaka. Hakuna kiasi chochote kilichotengwa kufidia hasara hiyo. Niliiondoa, na kuiondoa kunapita kwenye mistari mingi kwa wakati mmoja: mali za muda mfupi zinapungua kwa 40, jumla ya mali inabaki 1,360, faida ya mwaka inashuka kutoka 42 hadi 2, faida iliyolimbikizwa inabaki 184, na mtaji wa wamiliki unakuwa 384.

Baada ya marekebisho hayo mawili, Z'' ya mwaka wa tatu haikuwa 1.11 tena. Ilikuwa 0.17. Kampuni iliyoonekana imesimama ukingoni ilikuwa imeshatumbukia siku nyingi.

Nami nikarudi kwenye ile fomula ya kwanza, ile iliyotumika kwenye ripoti, nikaweka hesabu zilizosafishwa. Ilitoa 1.75. Bado eneo la mashaka, na bado juu sana ya 1.23. Ukwasi ulikuwa hasi, faida ya mwaka ilikuwa karibu sifuri, lakini alama ilisema hatari ya wastani. Tena kipande cha mauzo kilikuwa kimepanda, kutoka 1.50 hadi 1.54, kwa sababu nilipofuta mali zisizo na thamani, kigawanyo kilipungua huku mauzo yakibaki palepale. Kampuni ilipata maksi kwa kuwa na wadaiwa wabovu. Nilipoliona hilo niliiweka kalamu chini kwa muda.

Fedha ilikuwa inatoka wapi

Hakuna fomula kati ya hizi mbili inayogusa mtiririko wa fedha moja kwa moja, na hapo ni lazima mtu afanye kazi ya ziada. Mwaka wa tatu nilianza na faida ya 42, nikarudisha uchakavu wa 50 kwa kuwa hautoi fedha mfukoni, nikatoa riba ya 58. Imebaki 34. Wateja walimeza 135 zaidi kuliko mwaka uliotangulia. Ghala lilipungua kwa 15, likarudisha fedha kidogo. Na wauzaji wa malighafi? Deni lao lilipanda kutoka 230 hadi 324, ongezeko la 94. Ukijumlisha vyote, shughuli za kiwanda zilileta fedha 8.

Nane kwa kampuni yenye madeni 976 ni kama hakuna. Lakini hata hiyo 8 haikuwa halali. Bila ile 94 ya kuwachelewesha wauzaji wa malighafi, shughuli zingekuwa zimekula 86. Maana yake, kwa mwaka mzima, kiwanda kiliendeshwa kwa subira ya watu waliokiuzia malighafi. Ndiyo maana kilipoanguka, hakikuangushwa na benki. Kiliangushwa na muuzaji wa malighafi aliyechoka kusubiri. Hilo ni jambo la kawaida: benki hungoja tarehe ya marejesho, muuzaji wa malighafi humwona mteja wake kila wiki na hujua mapema kuliko wote.

Miaka miwili kabla ya Altman, mwaka 1966, mtafiti mwingine, William Beaver, alipima uwiano mmoja mmoja kwa kampuni 79 zilizoanguka na 79 zilizosalimika, na uliomtumikia vizuri kuliko wote ulikuwa faida halisi pamoja na uchakavu, kugawanywa kwa jumla ya madeni. Nikaujaribu hapa. Mwaka wa pili faida halisi ilikuwa 36 na uchakavu 45, jumla 81, ambayo ni asilimia 10.7 ya madeni yote. Mwaka wa tatu kulikuwa na hasara ya 16, uchakavu 50, jumla 34, yaani asilimia 3.5. Uwiano mmoja, wa kuhesabiwa nyuma ya bahasha, ulikuwa umekatika hadi chini ya theluthi moja ndani ya miezi kumi na miwili. Ripoti ya mikopo haikuwa nao.

Kile ambacho alama haiwezi kusema

Kuna upande wa pili ambao haki inanidai niutaje, kwa sababu baada ya kisa kama hiki watu hukimbilia kukataa kila kampuni yenye alama ya chini. Alama si uwezekano. Z'' ya 0.17 haisemi kwamba kampuni ina nafasi fulani kati ya mia ya kufilisika, wala haisemi lini. Inasema kwamba mizania ya kampuni hii inafanana na mizania za kampuni zilizofilisika kuliko za zile zilizosalimika.

Tena usahihi uliotangazwa unatokana na kundi lenye nusu wafilisi na nusu wazima, jambo ambalo halipo duniani. Katika sampuli ya awali, mwaka mmoja kabla ya kufilisika, fomula ya Altman iliwapata 31 kati ya wafilisi 33, na ilimshuku kimakosa mmoja tu kati ya wazima 33. Miaka miwili kabla, usahihi wa kuwapata wafilisi ulishuka hadi asilimia 72. Sasa chukua mkopeshaji mwenye wateja 1,000, na tuseme 20 kati yao watafilisika mwaka huu. Kwa usahihi uleule wa mwaka mmoja kabla, atawapata karibu 19. Lakini katika wazima 980 atawashuku karibu 30. Kwa hiyo kwenye orodha yake ya hatari, wengi ni wazima. Akiwanyima wote mkopo bila kuwachunguza, atakuwa amewaua baadhi yao kwa mkono wake mwenyewe, kwani kampuni yenye ukwasi mdogo ikifungiwa mkopo ghafla huanguka hata kama biashara yake ni nzuri.

Kwa hiyo alama inafaa kuchagua nani akaguliwe kwa kina. Kwenye faili hili ukaguzi wa kina ungechukua asubuhi moja: kuvunja alama vipande, kuomba orodha ya wadaiwa kwa umri wa deni, kusoma masharti ya mikopo na tarehe za barua za msamaha, na kupiga hesabu ya fedha iliyoingia. Hakuna hata kimoja kinachohitaji programu ya gharama. Orodha ya wadaiwa ilikuwa kwenye faili lilelile, imebanwa nyuma ya picha za mashine mpya.

Jambo moja zaidi kuhusu X4, kwa sababu watu hulichezea. Mtaji wa wamiliki unaweza kuongezeka bila senti kuingia, kwa kupandisha thamani ya ardhi na majengo kwenye vitabu. Wamiliki wa kiwanda hiki walikuwa wameshaomba tathmini mpya ya ardhi yao mwaka wa nne. Ingefanikiwa, X4 ingepanda na alama ingeonekana imepona, ilhali malipo ya wiki ijayo yangebaki bila fedha. Nikikuta ongezeko la tathmini kwenye mizania, huliondoa kwenye mtaji na kwenye mali kabla ya kupiga alama yoyote.

Mwaka wa pili

Nilipoandika ripoti yangu niliulizwa swali moja gumu: je, yote haya yangeonekana kabla ya mwaka wa tatu, au nimekuwa na hekima kwa sababu najua mwisho wake? Ni swali la haki, na nililijibu kwa kufunika safu ya mwaka wa tatu kwa karatasi na kufanya kazi na mbili za kwanza tu.

Hesabu za mwaka wa pili zilikuwa safi. Masharti ya mikopo yalikuwa hayajavunjwa, wadaiwa wa zamani walikuwa wachache, kampuni ilikuwa na faida halisi ya 36 na iligawa gawio la 16. Nisingeweza kusema itafilisika, na yeyote anayedai angejua hivyo kwa safu mbili hizo anajidanganya. Lakini Z'' ilikuwa imeanguka kutoka 3.40 hadi 2.56. Vipande vinne vya Z' vilikuwa vimetoka 0.96 hadi 0.74 huku cha mauzo kikipanda. Mikopo ya muda mfupi ilikuwa imetoka 130 hadi 220. Shughuli zilileta fedha 21, na kiwanda kilikuwa kimenunua mashine za 135.

Hilo lingetosha kwa mazungumzo tofauti na wamiliki: gawio lisimame, mashine inayofuata isubiri au igharimiwe kwa mkopo wa miaka mingi, na wateja wa siku 70 warudishwe kwenye 60. Kwa mauzo ya mwaka wa pili, siku hizo kumi zingerudisha karibu 48 kwenye akaunti ya kampuni.

Mazungumzo hayo hayakufanyika. Ripoti ya mwaka huo iliandika 2.19, eneo la mashaka, hatari ya wastani. Katika miezi kumi na miwili iliyofuata kiwanda kilikopeshwa 122 nyingine, kikanunua mashine za 150, na mashine hizo zikaanza kutoa vifungashio vilivyoacha faida ya 2 kwa kila 100.